Ruta inawaka, waifai inashika, lakini muda wake umekwisha: namna ya kuitambua

Mwaka jana shemeji yangu alinipigia simu kutoka dukani kwake. Ana steshenari ndogo: fotokopi, kuprinti, kujaza fomu za maombi mtandaoni, na watu wanaokuja kukaa tu kwa sababu waifai ni ya bure ukinunua soda. "Shem, intaneti yako inanitukanisha kwa wateja," alisema. Kila aliyefungua ukurasa wa benki kwenye laptopu alikutana na maandishi mekundu ya onyo. Akihamia kwenye bando la simu yake, ukurasa uleule unafunguka bila neno.

Ruta yenyewe haikuwa na tatizo la kuonekana. Taa zote zilikuwa kijani, kasi ilikuwa ileile aliyoilipia, na haikuwa imekatika kwa wiki kadhaa. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi hungoja ruta ife ndipo wainunulie mrithi, na ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake haifi. Inaweza kugawa intaneti vizuri kwa miaka mingine 5, ila kila tundu la usalama linalogunduliwa ndani yake linabaki wazi milele, kwa sababu hakuna anayeandika tena programu ya kuliziba. Ile programu ya ndani inayoiendesha ruta, ambayo mafundi tunaiita fimwea, imeganda pale ilipoachwa.

Nitaanza na malalamiko ninayoletewa, kwa sababu mengi hayahusiani na umri wa ruta, na ukiyachanganya utatupa ruta nzima au utaitunza mbovu.

"Waifai ni nzito" au "inakatakata"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na mara nyingi kosa si la fimwea. Kabla hujasema ruta imezeeka, chomeka laptopu kwa kebo kwenye ruta moja kwa moja na upime kasi. Ikiwa kebo inakupa kasi unayolipia, tatizo liko hewani: majirani wamejaa kwenye chaneli moja, au kuna kuta mbili za tofali katikati. Ikiwa ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, hasa jioni umeme ukiwa mdogo, tazama adapta. Ruta nyingi ndogo za zamani zinataka 9V na 0.6A, na nimekuta zinaendeshwa na adapta ya 5V iliyotoka kwenye kitu kingine kwa sababu pini iliingia. Inawaka, lakini watu watano wakiunganisha inaanguka.

Ruta ya zamani yenye masafa ya 2.4GHz pekee na milango ya kebo ya 100Mbps bado inatosha kwa nyumba inayolipia 10 au 20Mbps. Kwa hiyo uzito wa waifai peke yake si hoja ya kubadilisha, na wepesi wake si ushahidi kwamba uko salama.

Simu inaandika "Weak Security"

Ukiunganisha iPhone na chini ya jina la waifai yakatokea maneno `Weak Security`, simu inakwambia kwamba ruta inatumia ufungaji wa zamani, yaani WEP au WPA yenye TKIP. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya usalama wa waifai, uchague WPA2 yenye AES. Kama chaguo hilo lipo, onyo litaondoka na hujathibitisha chochote bado kuhusu umri. Kama halipo kabisa, umeshapata jibu lako na huna haja ya kusoma zaidi.

Kukosa WPA3 ni jambo jingine. Tangu Julai 2020 kifaa kipya hakipati cheti cha Wi-Fi bila WPA3, kwa hiyo ruta isiyokuwa nayo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya muundo wa kabla ya hapo. Ni kidokezo cha umri tu. WPA2 yenye paswedi ndefu haijavunjika.

Kurasa zinakupeleka kwingine, au kivinjari kinaonya

Turudi dukani. Dalili ikitokea kwenye kifaa kimoja, shuku kifaa hicho. Ikitokea kwenye vifaa vyote vilivyo kwenye waifai moja na kupotea ukihamia bando la simu, shuku ruta au kampuni inayoleta intaneti. Hapa kuna mtego mmoja ambao unapaswa kuuondoa kwanza: kifurushi kikiisha, kampuni nyingi humpeleka mteja kwenye ukurasa wa kulipia, na kivinjari huona ukurasa huo kama mtu aliyejiingiza katikati, kikatoa onyo lilelile jekundu. Hakikisha umelipia. Hakikisha pia tarehe ya kompyuta ni sahihi, maana saa iliyorudi mwaka 2015 huleta onyo hilohilo.

Vyote viwili vilikuwa sawa. Nikaingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.0.1 kwenye kivinjari, nikafungua sehemu ya DHCP. Hapo kuna mistari miwili, `Primary DNS` na `Secondary DNS`. DNS ndiyo daftari la namba: ukiandika jina la tovuti, ruta huwaambia vifaa vyako wamuulize nani namba ya tovuti hiyo. Ukibadilishiwa daftari, unaweza kuandika jina sahihi la benki ukapelekwa nyumba nyingine. Kivinjari cha siku hizi hukiona cheti hakilingani na jina, ndipo kinapopiga kelele. Kelele ile ilikuwa ndiyo ulinzi pekee uliobaki dukani.

Mistari ile miwili kwa kawaida huwa mitupu, yaani 0.0.0.0, au ina namba za kampuni yako ya intaneti, au ulizoweka mwenyewe kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Ya shemeji ilikuwa na namba ambazo hakuna aliyeziweka, na si za kampuni yake. Unaweza kuona kompyuta inamuuliza nani kwa kuandika hivi kwenye Windows:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mstari wa `DNS Servers`. Ukikuta namba ya ruta yenyewe, ingia kwenye ruta uangalie kule. Ukikuta namba ngeni, umeshaipata.

Nilifanya wanachofanya wote. Nikabonyeza tundu la nyuma kwa pini kwa sekunde 10 ruta irudi kama ilivyotoka kiwandani, nikaweka paswedi mpya ya kuingilia yenye herufi 16, nikairudisha mipangilio ya duka. Kuna kitu kimoja nilikiacha kwa shingo upande. Dukani kuna kamera za ulinzi, na aliyezifunga aliwanunulia anwani ya IP ya wazi, yaani ya kwao peke yao na inayofikiwa moja kwa moja kutoka nje, kisha akafungua uendeshaji wa ruta kutoka nje ili arekebishe mambo akiwa kwake. Shemeji aliomba niuache hivyohivyo mpaka yule fundi arudi.

Baada ya siku 9 zile namba ngeni zikarudi.

Hiyo ndiyo dalili nzito kuliko zote katika mwongozo huu. Herufi 16 hazikubahatishwa ndani ya siku 9. Aliyeingia hakupitia mlangoni, alipita kwenye ufa wa ukuta, na ufa haukuzibwa kwa kureseti kwa sababu kureseti hurudisha fimwea ileile pamoja na ufa wake. Tatizo la ruta likirudi baada ya kureseti na kubadilisha paswedi, acha kuhangaika na mipangilio. Nenda kaitazame stika.

Kila tovuti inakuuliza kama wewe ni roboti

Kabla sijafika kwenye stika, dalili moja zaidi, kwa sababu inapotosha. Watu husema Google inawaonyesha picha za mataa ya barabarani kila wanapotafuta kitu. Inaweza kuwa ruta yako imekodishwa kwa wengine bila wewe kujua. Mei 2025 FBI ilitoa tahadhari kuhusu ruta zilizokwisha muda, ikataja modeli kama Linksys E1200, E2500, E1500 na WRT310N, zilizoshambuliwa na programu hasidi iitwayo TheMoon, ambayo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Ruta hizo ziligeuzwa njia za kupitishia mawasiliano ya watu wengine, na nafasi hizo zikauzwa kwenye tovuti mbili, Anyproxy na 5socks, kwa kati ya dola 9.95 na dola 110 kwa mwezi. Mhalifu akitumia njia hiyo, anwani inayoonekana ni ya nyumba yako.

Lakini kwetu usikimbilie hapo. Kampuni nyingi za intaneti Afrika Mashariki huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, uangalie anwani iliyoandikwa kwenye `WAN`. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani na majirani usiowajua, na zile picha za mataa huenda ni dhambi za mtu mwingine. Kushiriki huku kuna faida yake: mtu wa nje hawezi kuigonga ruta yako moja kwa moja. Hatari inayobaki ni ya kutoka ndani, kwa mfano simu yenye programu hasidi iliyounganishwa kwenye waifai yako. Duka la shemeji halikuwa na kinga hiyo, kwa sababu ya ile anwani ya wazi ya kamera. Kama nawe ulinunua anwani ya wazi, ruta iliyokwisha muda ni ya kuchomoa leo, si mwisho wa mwezi.

Ruta isiyo na dalili yoyote: soma stika

Hii ndiyo hali ya ruta nyingi, na hapa ndipo jibu la kweli linapatikana. Geuza ruta. Kwenye stika andika vitu viwili: jina la modeli na toleo la kifaa, linaloandikwa `Ver` au `V` au `H/W`. Toleo watu hulidharau, nalo ndilo linaloamua. TL-WR841N ya TP-Link, ruta nyeupe ambayo wengi wetu tumekua nayo, imetoka katika matoleo zaidi ya 10 yenye jina lile lile na sanduku linalofanana. Ndani ni mashine tofauti, na fimwea ya toleo moja haiingii kwenye jingine. Ukiilazimisha unaweza kuiua ruta.

Kisha ingia kwenye ruta, usome toleo la fimwea. Ruta za TP-Link za aina hii huandika neno `Build` likifuatiwa na tarakimu 6. Ukiona `Build 150310`, soma mwaka, mwezi, siku: 10 Machi 2015. Kampuni nyingine huweka tarehe wazi au namba tu ya toleo, na hapo utailinganisha na orodha iliyo kwenye tovuti yao.

Sasa nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada na upakuaji, uchague modeli na toleo lako kamili. Tazama tarehe ya fimwea ya mwisho waliyoiweka. Kisha tafuta mtandaoni kwa maneno haya, ukiweka ya kwako:

```
TL-WR841N V8 end of life
```

Watengenezaji wengi wana ukurasa wa vifaa vilivyostaafishwa. Modeli na toleo lako likiwa humo, mjadala umekwisha. Lisipokuwemo lakini fimwea ya mwisho ina zaidi ya miaka 3, mimi huihesabu kuwa imeachwa. Hiyo ni kanuni yangu, si ya kampuni yoyote, na haijawahi kunijutisha.

Kuna kitufe ndani ya ruta ambacho kimewadanganya wengi, hata mafundi. Unabonyeza kutafuta sasisho, ruta inajibu kwamba unatumia toleo jipya kabisa. Ni kweli, ni jipya kuliko yote yaliyowahi kutoka. Iwapo la mwisho lilitoka mwaka 2015, ruta itakujibu hivyohivyo mwaka huu na miaka 10 ijayo. Kitufe kinajua kama kuna fimwea mpya. Hakijui kama bado kuna mtu anayeiandika. Kwa hiyo usiulize kama umesasishwa, uliza sasisho la mwisho ni la lini.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa mfano halisi, tafuta CVE-2023-33538. Ni tundu kwenye TL-WR940N V2 na V4, TL-WR841N V8 na V10, na TL-WR740N V1 na V2. Pale ruta inapopokea jina la waifai, haikagui vizuri kilichoandikwa, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kupenyeza amri badala ya jina na ruta ikaitekeleza. Juni 2025 shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, liliingiza tundu hilo kwenye orodha ya matundu yanayotumiwa na washambuliaji, likashauri watumiaji waachane na vifaa hivyo. Angalia matoleo tena. Mwenye V8 yuko kwenye orodha hiyo. Jirani yake mwenye sanduku linalofanana lakini toleo lisilotajwa hapo hayumo. Ndiyo maana nasema geuza ruta.

Niligeuza ya shemeji. Fimwea ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2014, na modeli ilikuwa kwenye ukurasa wa waliostaafishwa. Steshenari yake ilifunguliwa mwaka 2019. Aliuziwa ruta mpya, ndani ya nailoni, ikiwa tayari imekwisha.

Je, inaokoleka?

Kuna fimwea huru iitwayo OpenWrt inayoweza kuipa ruta ya zamani maisha mapya, na mimi naipenda. Ila ina mipaka ya mwili. Matoleo yake ya sasa yanataka angalau 8MB za hifadhi na 64MB za kumbukumbu, na hata hapo ni kwa kubana. Ruta nyingi za bei nafuu za enzi ile, yakiwemo matoleo mengi ya TL-WR841N, zina 4MB na 32MB. Kwa hizo mlango ulifungwa na toleo la 19.07, ambalo lenyewe liliacha kusasishwa mwaka 2022. Kuweka toleo hilo leo ni kuhamisha familia kutoka nyumba mbovu kwenda nyumba mbovu nyingine.

Ukihitaji wiki mbili za kutafuta hela, punguza hatari hivi: zima uendeshaji kutoka nje, zima `UPnP` na `WPS`, badilisha paswedi ya kuingilia, na uzime ruta kisha uiwashe, maana programu hasidi nyingi za ruta hukaa kwenye kumbukumbu na hufutika umeme ukikatika. Zitarudi zikiupata ule ufa tena. Wiki mbili ni wiki mbili.

Kama ruta uliletewa na kampuni ya intaneti, hasa ile ya faiba inayobandikwa ukutani, mara nyingi huwezi kuisasisha wewe. Wao ndio wanaoisukumia fimwea kutoka kwao. Wapigie, wape modeli na toleo, uwaulize fimwea ya mwisho waliisukuma lini. Wasipokuwa na jibu, omba wakubadilishie. Wengi hubadilisha bure ukiwa mkali kidogo.

Unaponunua nyingine

Usiangalie wingi wa antena. Tangu 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawalazimisha watengenezaji kutangaza watatoa masasisho ya usalama kwa muda gani kwa kila kifaa wanachouza kule. Tamko hilo liko kwenye tovuti zao na hata aliye Morogoro anaweza kulisoma. Tafuta modeli unayotaka kwenye ukurasa wa kampuni wa Uingereza, uone tarehe ya mwisho. Ikiwa imebaki miezi 8, bei ya punguzo uliyoahidiwa imeshajieleza. Kisha dukani fungua sanduku usome stika kabla hujalipa, maana tarehe ya risiti haihusiani na umri wa kifaa.

Kwa shemeji nilifunga ruta mpya siku ya Jumapili, duka likiwa limefungwa. Nilianza na fimwea kabla ya kuunganisha mtu yeyote, nikaacha mistari ya DNS mitupu, nikauzima uendeshaji wa nje. Kamera sasa zinaonekana kupitia aplikesheni yake yenyewe, na ile anwani ya wazi tuliirudisha kwa kampuni, akaokoa na ada ya mwezi.

Nilipopita wiki iliyofuata, ruta ya zamani ilikuwa kwenye kabati la kioo, katikati ya fleshi na vifuniko vya simu, na karatasi ya bei: 15,000. "Mbona bado inawaka vizuri, shem," aliniambia. Niliinunua mwenyewe. Adapta yake ya 9V iko nyumbani, inafanya kazi.